Swali la Fahali Asiye na Pembe: Kutunga Swali la Krosi na Kugawa Alama Zake

Tazama swali hili, ambalo mfano wake haukosekani katika mitihani ya muhula ya Baiolojia: "Fahali asiye na pembe alimpanda ng'ombe mwenye pembe. Onyesha uwiano wa ndama watakaozaliwa. (alama 5)"

Linasomeka vizuri. Ni fupi, linahusu mnyama anayejulikana na kila mwanafunzi, na mwalimu aliyelitunga ana jibu lake. Ila jibu hilo liko kichwani mwa mwalimu, halimo ndani ya swali. Hatukuambiwa ni aleli ipi inayotawala. Hatukuambiwa kama fahali ana aleli mbili zinazofanana au mbili tofauti. Hatujui uwiano unaotakiwa ni wa jenotipu au wa fenotipu. Mwanafunzi akiandika kwamba ndama wote watakuwa hawana pembe, yuko sahihi iwapo fahali ni wa ukoo safi. Akiandika nusu kwa nusu, yuko sahihi pia iwapo fahali ana aleli mbili tofauti. Yule anayedhani kuwa pembe ndizo zinazotawala, kwa sababu ng'ombe karibu wote anaowaona wanazo, atachora krosi nyingine kabisa na kila hatua yake itafuata mantiki. Msahihishaji atampa alama yule tu aliyebahatika kuwaza kama mtungaji, na hao wengine watakosa alama bila kuwa na kosa la jenetiki.

Ndiyo maana nawashauri walimu wenzangu waanze na jibu. Chukua karatasi, chora krosi nzima kama unavyotaka kuiona kwenye daftari la mwanafunzi bora, kisha kwa kila mstari jiulize: mwanafunzi ataijua habari hii kutokana na nini? Kama haimo ndani ya swali, na si kitu ulichokusudia kupima, iandike ndani ya swali. Nitalichukua swali hili la fahali na kulijenga upya hadi kwenye mgao wa alama, kwa kuwa matatizo karibu yote ya maswali ya krosi yamo ndani yake.

Tuanze na sifa yenyewe. Kutokuwa na pembe kwa ng'ombe kunaongozwa na aleli tawala iliyo kwenye kromosomu ya kawaida, si kromosomu ya jinsia. Ng'ombe wa aina ya Angus ni mfano unaofahamika. Sifa hii inafaa sana kwa mtihani, kwa sababu inawatenga wanafunzi wanaoelewa maana ya kutawala na wale wanaodhani kuwa kinachotawala ndicho kinachoonekana kwa wingi. Katika mazizi yetu wenye pembe ndio wengi, ilhali aleli ya pembe ndiyo fifi. Lakini kwa kuwa inapingana na mazoea ya macho, ni lazima swali liseme wazi nani anatawala. Usimtegemee mwanafunzi ajue. Huko porini na malishoni kuna mambo ya ziada, kama vile ng'ombe wenye vipembe vidogo visivyoshikamana na fuvu, na mwanafunzi wa mfugaji anaweza kuwa ameviona kwa macho yake. Sentensi moja ya utangulizi inamwondolea wasiwasi huo.

Mnyama wako mjue vizuri kabla hujamweka kwenye karatasi. Rasimu nyingi husema "ndama 18 walizaliwa na pembe." Ndama hazaliwi na pembe, huzaliwa na mahali zitakapoota, na vichomozo huanza kuonekana baadaye. Tena wafugaji wengi huzichoma pembe za ndama mapema, kwa hiyo ng'ombe asiye na pembe zizini huenda alizaliwa na jenotipu ya pembe. Mwanafunzi wa mjini atapita juu ya sentensi hiyo bila kushtuka. Wa Monduli au Kajiado atasita, na kusita kwake hakuna uhusiano wowote na mayosisi. Andika kwamba ndama walichunguzwa walipokua na kwamba hakuna aliyekatwa pembe, jambo limekwisha.

Kadhalika usibadilishe mnyama kiholela ili swali lifanane na mazingira. Mwalimu anaweza kuona ni vyema amweke mbuzi badala ya ng'ombe, kwani mbuzi wako kila mahali. Kwa mbuzi pia kutokuwa na pembe kunatawala, lakini mbuzi jike mwenye aleli mbili za kutokuwa na pembe huelekea kukua na maumbile ya kiume na kuwa tasa. Swali la kizazi cha pili linalowapandisha mbuzi wa namna hiyo linazungumzia wanyama ambao wengine wao hawawezi kuzaa. Jina la mnyama limebadilika neno moja tu, lakini baiolojia iliyo chini yake imebadilika yote.

Sasa tarakimu. Kuna walimu wanaoandika ndama 20 na 20, au mimea 90 na 30, ili mwanafunzi asipate taabu ya kugawanya. Huruma hiyo ina gharama: mwanafunzi anatoka akiamini kwamba uwiano ni hesabu ambayo maumbile hulazimika kuitimiza. Gregor Mendel mwenyewe, katika matokeo aliyoyasoma Brno mwaka 1865 na kuyachapisha mwaka 1866, hakupata 3 kwa 1 kamili. Katika kizazi cha pili cha njegere zake alihesabu mimea mirefu 787 na mifupi 277, yaani takribani 2.84 kwa 1. Tarakimu za namna hiyo ndizo zinazofaa, kwa sababu zinamlazimu mwanafunzi afikiri ni uwiano gani wa nadharia ulio karibu nazo.

Lakini zisiwe ndogo mno. Tuseme umeandika ndama 8, watano bila pembe na watatu wenye pembe. Je, hiyo ni 1 kwa 1 au 3 kwa 1? Kwa uwiano wa kwanza tungetarajia 4 na 4. Kwa wa pili 6 na 2. Tano na tatu ziko katikati kabisa, na mwanafunzi atakayechagua wowote kati ya uwiano huo ana hoja. Ukiandika ndama 38, 20 bila pembe na 18 wenye pembe, utata huo unakwisha. Nusu ya 38 ni 19, na 20 iko jirani. Robo tatu ya 38 ni 28 na nusu, na 20 iko mbali nayo kiasi kwamba bahati peke yake ni vigumu kuieleza. Kabla ya kuandika tarakimu zozote, zipime hivyo kwa kila uwiano ambao mwanafunzi anaweza kuuwaza, si kwa ule tu unaoutaka. Na kwa kuwa ng'ombe huzaa ndama mmoja kwa kawaida, hao 38 lazima watoke kwa majike wengi. Swali liseme "majike" kwa wingi na liseme kwamba wote wana pembe.

Kuhusu herufi, ziteue wewe. Ukimwachia mwanafunzi, atakuja mmoja na P na p, mwingine na C na c, na katika mwandiko wa haraka hakuna msahihishaji atakayeapa kwamba herufi ile ni kubwa au ndogo. Epuka C, K, O, P, S, U, V, W, X na Z. Herufi kama A, B, D, E, G, N, R na T zina umbo moja zikiwa kubwa na jingine zikiwa ndogo. Hapa nitatumia N kwa aleli tawala na n kwa aleli fifi. Usitumie herufi mbili tofauti kwa aleli za jeni moja, kwa mfano B ya "bila" na P ya "pembe", kwa maana mwanafunzi ataziona kama jeni mbili na ana haki ya kuziona hivyo.

Swali letu sasa linasomeka namna hii. Nimeliandika kwa Kiswahili, lakini mwanafunzi wa sekondari wa Tanzania au Kenya hulikuta kwa Kiingereza, lugha ambayo kwa wengi si ya kwanza. Kwa hiyo kila sentensi ibebe habari moja tu.

"Kwa ng'ombe, aleli ya kutokuwa na pembe (N) hutawala aleli ya kuwa na pembe (n). Fahali mmoja asiye na pembe alipandishwa kwa majike kadhaa wenye pembe. Walizaliwa ndama 38. Hakuna aliyekatwa pembe. Walipokua, 20 hawakuwa na pembe na 18 walikuwa na pembe.

(a) Taja jenotipu ya fahali na utoe sababu kutokana na matokeo. (alama 2)

(b) Kwa kutumia mchoro kamili wa krosi, onyesha jinsi aina hizo mbili za ndama zilivyopatikana. Onyesha jenotipu na fenotipu za wazazi, gameti, na jenotipu na fenotipu za ndama. (alama 4)

(c) Andika uwiano wa fenotipu unaotarajiwa katika krosi hii. Taja kila fenotipu. (alama 1)

(d) Eleza kwa nini matokeo halisi yalitofautiana kidogo na uwiano huo. (alama 1)

(e) Fahali mwingine asiye na pembe alipandishwa kwa majike watatu wenye pembe. Walizaliwa ndama 3, na wote hawakuwa na pembe walipokua. Mfugaji anasema amethibitisha kwamba jenotipu ya fahali huyu ni NN. Je, ushahidi wake unatosha? Eleza. (alama 2)"

Angalia kipengele cha (b). Nimetaja kila kitu ninachotaka kukiona. Wapo watakaosema kwamba nimemrahisishia mwanafunzi. Sidhani. Ninachopima ni kama anajua gameti hubeba nini na hukutanaje. Sipimi kama anakumbuka desturi ya darasa lake ya kuandika fenotipu ya wazazi juu ya jenotipu. Kama mstari una alama, mwanafunzi aambiwe kwamba mstari huo unatakiwa.

Jibu ninalolitarajia kwa (b) lina sura hii:

```
Wazazi, fenotipu:   fahali bila pembe   ×   jike mwenye pembe
Wazazi, jenotipu:          Nn           ×          nn
Gameti:                 (N)  (n)                  (n)
Ndama, jenotipu:            Nn              nn
Ndama, fenotipu:        bila pembe      mwenye pembe
```

Katikati ya gameti na ndama kuna mistari ya kuziunganisha, au mraba wa Punnett, ule uliopewa jina la mwanajenetiki Mwingereza Reginald Punnett. Kubali vyote viwili. Kwa jike, kubali n moja au n mbili, kwani kuandika n mara mbili hakubadilishi uwiano.

Tugawe alama nne. Ya kwanza ni ya wazazi: jenotipu Nn na nn, kila moja ikiwa imeambatana na fenotipu yake. Ya pili ni ya gameti: N na n kutoka kwa fahali, n kutoka kwa jike, kila gameti ikiwa na aleli moja. Ya tatu ni ya muungano: Nn na nn za ndama zionekane zinatokana na gameti zilizoandikwa, kwa mistari au kwa mraba. Ya nne ni ya fenotipu za ndama, kila moja ikiwa imefungwa kwenye jenotipu yake. Alama ya kuzidisha, neno "wazazi" na duara kuzunguka gameti havina alama zake, lakini vinasaidia msahihishaji kujua mwanafunzi alikusudia nini. Ukianza kutoa alama kwa alama ya kuzidisha, utampa mwanafunzi asiyejua kitu alama ileile unayompa aliyetenganisha aleli kwa usahihi.

Alama ya pili ndiyo moyo wa swali. Kosa kubwa katika krosi ni kuandika gameti zenye aleli mbili, na kosa hilo linaonyesha kwamba mwanafunzi hajaunganisha somo la mayosisi na somo la urithi. Hapa mwongozo wa kusahihisha usilegee.

Mwongozo lakini haujulikani kama unafanya kazi hadi uujaribu kwenye majibu ya watoto. Hebu tuchukue majibu matatu ya namna ambayo kila msahihishaji atakutana nayo.

Mwanafunzi wa kwanza ameandika wazazi vizuri, Nn na nn, na fenotipu zao. Kwenye mstari wa gameti ameandika Nn ndani ya duara moja na nn ndani ya jingine. Chini yake kuna ndama Nn, Nn, nn, nn, na fenotipu sahihi. Hakuna mistari wala mraba. Jibu la mwisho ni sahihi, na hapo ndipo msahihishaji mchovu wa jioni anapotoa alama zote nne. Anastahili mbili. Alama ya kwanza anayo. Ya pili hana, gameti zake zina aleli mbili. Ya tatu hana, maana gameti za Nn na nn zikiungana kama alivyoziandika zingetoa ndama mwenye aleli nne. Jenotipu za ndama wake hazikutoka kwenye gameti zake, zimetoka kwenye kumbukumbu ya mfano wa ubaoni. Ya nne anayo. Lau angechora mraba na kuweka N na n kwenye vichwa vya safu, tungeona kwamba alizitenganisha aleli, naye angepata ya tatu ingawa mstari wake wa gameti bado una kosa.

Mwanafunzi wa pili amechora mraba tu. Juu kuna N na n, ubavuni n na n, ndani vyumba vinne vimejazwa Nn, nn, Nn, nn. Hakuna neno hata moja. Huyu anajua mayosisi kuliko wa kwanza. Vichwa vya mraba ni gameti, kwa hiyo ana alama ya pili, na vyumba vinampa ya tatu. Ya kwanza na ya nne hana, kwa sababu hakutaja wazazi wala fenotipu. Naye kapata mbili. Wengine wanauona mgao huu kuwa mkali kwake, lakini swali lilimtajia kila kitu kilichotakiwa, na katika jenetiki kuhama kutoka kwenye herufi hadi kwenye mnyama ni sehemu ya kazi. Asiyeandika kwamba nn ni ng'ombe mwenye pembe hajatuonyesha kama anajua.

Wa tatu ameandika juu ya ukurasa: "H bila pembe, h mwenye pembe," kisha akachora krosi nzima kwa H na h bila kuteleza. Swali lilimwagiza N. Mpe zote nne. Ufunguo wake unasomeka na hakuubadilisha njiani. Angetumia H bila ufunguo, angekosa alama ya kwanza, mara moja tu, halafu hatua nyingine zote zisahihishwe kwa herufi zake.

Maamuzi haya yaandikwe kwenye mwongozo kabla ya kazi kuanza. Yakiachwa kwa busara ya kila mtu, mwanafunzi wa mkondo wa A atapata mbili na mwenzake wa mkondo wa B atapata nne kwa jibu lilelile.

Bado kuna kosa linalosafiri. Tuseme mwanafunzi katika (a) amesema fahali ni NN. Amekosa alama zote mbili za (a). Anaingia (b) na NN × nn, gameti N na n, ndama wote Nn, wote bila pembe. Krosi yake ni safi. Je, akose tena? Msimamo wangu ni kwamba kosa moja lilipiwe mara moja. Alishalipia kwenye (a), kwa hiyo katika (b) apewe alama zote nne kwa kufuata jenotipu aliyoitaja mwenyewe. Lakini kwenye (c) asipewe. Uwiano wake unasema hakuna ndama mwenye pembe, na swali limemwambia wako 18. Mwanafunzi aliyeona tarakimu hizo na bado akaandika "wote bila pembe" hajafuata kosa lake tu, ameacha kusoma matokeo, na kusoma matokeo ndiko kipengele hicho kinakopima. Kama huafikiani nami hapo, badilisha, ila uamuzi wako uwe kwenye karatasi na wenzako wauone.

Kwa (a) kuna njia mbili za kupata alama ya sababu, na mwongozo uzitaje zote. Ya kwanza inatazama uwiano: 20 na 18 ziko karibu na 1 kwa 1, ambayo ni krosi ya Nn na nn. Ya pili ni bora zaidi: ndama mwenye pembe ni nn, amepata n moja kutoka kwa mama na moja kutoka kwa fahali, basi fahali ana n, na kwa kuwa yeye hana pembe, ana N pia. Kwa njia hii ndama mmoja tu mwenye pembe angetosha. Mwongozo unaotaja uwiano peke yake utamnyima alama mwanafunzi aliyefikiri kwa kina kuliko wenzake.

Katika (c), "1:1" tupu isipewe alama, kwa kuwa swali limeagiza fenotipu zitajwe. Kwa 1 kwa 1 kasoro hiyo inaonekana ndogo, lakini kwenye 3:1 mwanafunzi asiyetaja nani ni tatu na nani ni moja hajajibu. Na anayeandika 20:18 ameandika alichohesabu mfugaji, sicho kinachotarajiwa. Kubali 2:2 kama mwanafunzi ameisoma kwenye vyumba vinne na kutaja fenotipu, maana swali halikusema uwiano uwe katika hali yake sahili. Ukitaka 1:1 pekee, sema kwenye swali.

Kipengele cha (d) ni cha mstari mmoja: kila utungisho ni wa bahati, gameti ya N au ya n ya fahali inaweza kukutana na yai, na uwiano hukaribiwa zaidi idadi ya ndama ikiongezeka. Wengi wataandika "mabadiliko ya jeni" au "makosa ya kuhesabu." Yakatae yote mawili, na uyataje kwenye mwongozo kwamba hayakubaliki, kwa sababu yanasikika ya kisayansi na yanampenya msahihishaji.

Tukija kwenye krosi ya sifa mbili, mgao huu hauhami ulivyo. Mraba wa vyumba 16 unakula muda, na mwanafunzi anayeteleza kwenye chumba kimoja anaweza kuharibu 9:3:3:1 yote huku akijua kila kitu. Uzito uuweke kwenye gameti nne za mzazi RrTt, yaani RT, Rt, rT na rt. Anayeandika R, r, T na t kila moja peke yake amekosa jambo lenyewe la kujua. Mraba mtupu uuchapishe kwenye karatasi, kisha toa alama kwa kundi la vyumba vilivyo sahihi badala ya kimoja kimoja.

Narudi kwenye (e), ambacho nimekiweka kwa ajili ya wale wanaojua kuchora mraba huku macho yamefumba. Mfugaji ana ndama watatu, wote bila pembe. Kama fahali angekuwa Nn, kila ndama ana nafasi ya nusu ya kukosa pembe, na wote watatu wana nafasi ya nusu mara nusu mara nusu, yaani 1/8. Hiyo si nadra. Kwa hiyo ushahidi hautoshi. Alama ya kwanza ni ya kusema kwamba fahali wa Nn naye anaweza kutoa matokeo hayo, na alama ya pili ni ya 1/8 au ya kueleza kwamba ndama watatu ni wachache mno. Neno "hautoshi" peke yake halina alama, kwa kuwa kukisia kunatosha kulipata. Na usikubali jibu la "unatosha kwa sababu wote hawana pembe," hata likiandikwa kwa mchoro mzuri wa NN × nn: mchoro unaonyesha kwamba NN inaweza kuleta matokeo hayo, hauonyeshi kwamba Nn haiwezi. Ukitaka toleo gumu zaidi la kipengele hiki kwa mtihani wa mwakani, uliza ni ndama wangapi mfululizo bila pembe wangemfanya mfugaji awe na shaka ya chini ya 1/100. Jibu ni 7, kwa kuwa nusu ikizidishwa mara sita inatoa 1/64, na ya saba inatoa 1/128. Alama moja iwe ya kuonyesha hesabu na moja ya kutaja 7.